Jina Ubavuni: Kwa Nini Liemba Imedumu

Tarehe 5 Februari 1915 Wajerumani walishusha majini, pale Kigoma, meli waliyoiita Graf von Götzen. Tarehe 16 Mei 1927 meli ile ile, kwa bodi lile lile na injini zile zile, ilianza upya safari za Ziwa Tanganyika chini ya bendera ya Waingereza, ikiitwa Liemba. Tangu siku hiyo wamepita magavana, amepita Mwalimu na marais waliomfuata, shirika la reli la Afrika Mashariki limevunjika, na mitambo ya mvuke imeng'olewa ikawekwa ya dizeli. Jina halikuguswa. Jina la kwanza lilidumu muda mfupi, na sehemu kubwa ya muda huo meli ilikuwa imelala chini ya maji. La pili linakaribia karne.

Wapo watakaosema ni uvivu tu, kwamba hakuna aliyejisumbua kuchukua rangi na brashi. Lakini katika ziwa hilohilo, na katika bahari ya pwani yetu, majina mengine ya vyombo yamefutwa upesi sana, tena na watu waliokuwa na shughuli nyingi za kufanya. Hoja ninayoitetea hapa ni kwamba jina la chombo ni kauli. Lina msemaji, naye ni yule aliyelitoa, na lina anayeambiwa. Watu wengi wakitafuta maana ya jina la meli humwangalia msemaji: alikuwa nani, alimpenda nani, alimwogopa nani. Mimi naona tumwangalie zaidi anayeambiwa, kwa sababu jina hudumu pale chombo kinapotia nanga wakiwapo watu wa kuliitikia, hata aliyelitoa akiwa ameshakwenda zake.

Tuanze na vyombo vidogo, maana huko jambo hili liko wazi zaidi. Pita ufukweni Pangani, Nungwi, Kilwa au Lamu utazame mashua na ngalawa zilizopandishwa mchangani. Utasoma Tawakal, Mashaallah, Subira, Salama, Riziki, na majina mengine ya namna hiyo. Mengi ni dua au nusu ya dua. Anayeambiwa kwanza ni Mungu, na sababu yake haihitaji kutafutwa mbali: mwenye mashua ametia fedha zake zote katika mbao, na kila alfajiri fedha hizo huondoka zikiwa na wanawe au ndugu zake ndani. Mtu wa namna hiyo haandiki ubavuni jina la waziri. Anaandika kwamba amemtegemea Mola.

Ila jina hilohilo lina sikio la pili. Mashaallah ni neno la kumtukuza Mungu, na pia ni kinga dhidi ya jicho la jirani anayeisifu mashua mpya kupita kiasi. Subira inamnyamazisha aliyesema kwamba fulani hataweza kununua chombo. Yapo na majina ya kujibu waziwazi, ya kuwaambia wenye husuda waendelee na shughuli zao, na hayo yanafanana sana na maandishi ya kanga, ambayo nayo huitwa jina. Mwanamke huvaa kanga iliyoandikwa maneno akapita mbele ya yule anayemkusudia, asitamke neno. Nahodha hupitisha tezi ya mashua yake mbele ya soko la samaki kwa nia hiyohiyo. Hakuna anayeweza kumshitaki, kwa kuwa hakumtaja mtu, na kila mtu pale ufukweni amekwisha elewa.

Desturi za kushua chombo zinaonyesha kwamba jina hilo ni la kadamnasi. Jahazi huanza kwa mkuku, zikafuata fashini za mbele na nyuma, kisha mataruma na mbao za ubavuni. Mianya hutiwa kalafati ya pamba iliyolowekwa mafuta, na sehemu ya chini, itakayokaa majini, hupakwa chokaa iliyochanganywa na shahamu. Kazi hiyo hufanywa na fundi na vijana wake wachache. Lakini chombo kikishakamilika hakishuki kwa nguvu zao peke yao. Mtaa mzima huitwa kuvuta kamba, na kabla ya kuvuta husomwa Fatiha au maulidi, pengine huchinjwa mbuzi, na watu hula. Kwa hiyo wale watakaoliita jina hilo miaka ijayo ndio walioshuhudia likianza kazi. Katika visiwa vya Lamu majahazi hutiwa macho pia, vibao vya mviringo viwili vilivyopakwa rangi, kimoja kila upande wa omo. Macho ya omo ni desturi kongwe. Mtepe, chombo kile cha mbao zilizoshonwa kwa kamba na kilichotoweka mwanzoni mwa karne iliyopita, nao ulichorwa macho. Chombo chenye macho na jina kinachukuliwa karibu kama mtu, na mtu haitwi jina ambalo jamaa zake hawawezi kulitamka.

Majina ya dua yana upungufu wake, na serikali ndiyo iliyouona kwanza. Yanajirudia. Bandari moja inaweza kuwa na Tawakal kadhaa, na watu wa pale hawapati shida, kwa kuwa wanasema Tawakal ya fulani. Karani wa forodha hamjui fulani. Sheria ya meli za biashara ya Uingereza ya mwaka 1894 iliagiza kwamba meli iliyosajiliwa iandikwe jina pande zote mbili za omo, na jina pamoja na bandari yake ya usajili kwenye tezi, kwa herufi zisizopungua inchi 4, yaani kama sentimita 10. Hapo jina limepata msikilizaji mwingine kabisa, mtu wa dola aliyesimama gatini na daftari. Kwa vyombo vidogo dola iliishia kutoa namba, na hadi leo utaona mashua imebeba vyote viwili: namba kwa ajili ya ofisa, jina kwa ajili ya wengine wote. Mpango huo ni wa busara kuliko unavyosifiwa. Namba imelibebea jina mzigo wa utambulisho, nalo jina likabaki huru kusema.

Vyombo vya watawala havikupata uhuru huo. Zanzibar inatosha kuwa mfano. Sayyid Said alikuwa na meli iitwayo Sultana, ndiyo iliyompeleka mjumbe wake Ahmad bin Na'aman hadi New York mwaka 1840. Jina lilitangaza enzi mbele ya wageni, na wageni walilielewa. Mwanawe Barghash alipoupoteza msafara wake wa meli kwa kimbunga cha 1872, aliagiza meli mpya Uskochi kwa mfano wa manowari ya Kiingereza iliyokuwa imemvutia, akaiita kwa jina la manowari hiyo: Glasgow. Ilikamilika mwaka 1878. Hapo sultani anazungumza na jeshi la majini la Uingereza kwa lugha yao wenyewe, kama mtu anayemwita mwanawe jina la tajiri wa mtaa. Tarehe 27 Agosti 1896 jeshi hilohilo liliizamisha Glasgow mbele ya Mji Mkongwe, katika vita visivyofikia saa moja, na milingoti yake ilibaki ikichomoza majini kwa miaka mingi baadaye. Mwaka 1964 Sultani Jamshid aliondoka visiwani kwa meli iitwayo Seyyid Khalifa. Meli ya abiria ya serikali iliyokuja katika miaka ya 1970 iliitwa Mapinduzi. Ukiyapanga majina hayo unapata historia fupi ya nani alitawala na alitaka kusikiwa na nani. Wavuvi wa Malindi na Mkokotoni, kipindi chote hicho, hawakuwa na sababu ya kubadilisha Salama.

Turudi Kigoma. Mtindo wa Wajerumani wa kutoa majina katika maziwa yetu haukuwa na kificho. Ziwa Nyasa walikuwa na meli Hermann von Wissmann, iliyoitwa kwa jina la ofisa aliyeivunja vita ya watu wa pwani na ambaye utawala wake ulimnyonga Abushiri bin Salim pale Pangani, Desemba 1889. Ziwa Tanganyika walikuwa na Hedwig von Wissmann, jina la mke wa ofisa huyohuyo. Naye Graf von Götzen alikuwa gavana wa Afrika Mashariki ya Kijerumani kuanzia 1901 hadi 1906, na Vita vya Maji Maji vilianza mwaka 1905 akiwa madarakani. Vilizimwa si kwa risasi tu, bali pia kwa kuchoma mashamba na maghala, hata njaa ikamaliza kazi katika nyanda za kusini. Hesabu ya Wajerumani wenyewe ilikuwa watu 75,000 waliokufa. Wanahistoria wengi wanaiona ni ndogo mno.

Inaweza kujibiwa kwamba meli haikupewa jina hilo kwa sababu ya Maji Maji. Götzen alikuwa pia msafiri. Mwaka 1894 alipita Rwanda, akakutana na Mwami Rwabugiri, akaliona Ziwa Kivu, kwa hiyo lilikuwa jambo la kawaida ziwa la magharibi lipate meli yenye jina lake. Nakubali kwamba huenda hilo ndilo lililokuwa akilini mwa waliochagua. Lakini ndiyo sababu nasema tusimtazame msemaji peke yake. Meli ilijengwa Papenburg na kiwanda cha Meyer mwaka 1913, ikafumuliwa, ikafungwa katika makasha yapatayo 5,000, ikaletwa Dar es Salaam na kupandishwa reli ya kati iliyokuwa imefika Kigoma mwanzoni mwa 1914. Waliobeba na waliotazama ni watu wa koloni hili. Wao walikuwa wamemjua Götzen kama gavana. Katika masikio yao jina lilisema jambo moja, na ridhaa ya jina hilo haikutafutwa kwao.

Vita vilipofika ziwani vilileta kituko cha majina ambacho hakina mfano. Waingereza walituma boti mbili ndogo za injini chini ya Geoffrey Spicer-Simson, zikaburutwa kupitia Kongo hadi ziwani. Spicer-Simson alikuwa amependekeza ziitwe Paka na Mbwa. Wakubwa wa jeshi la majini mjini London wakakataa, naye akarudi na Mimi na Toutou, ambayo kwa Kifaransa cha watoto ni mambo yaleyale, paka na mbwa, na safari hii yakapita. Tarehe 26 Desemba 1915 boti hizo ziliikamata meli ya Kijerumani Kingani. Wakaitengeneza, wakaiita Fifi. Tarehe 9 Februari 1916 Hedwig von Wissmann ikazamishwa. Majina ya Spicer-Simson yalizungumza na watu wawili watatu tu: yeye mwenyewe, wakubwa waliomkatalia, na maofisa wa Kibelgiji waliokuwa naye. Vita vilipokwisha, hapakuwa na mtu ziwani aliyehitaji chombo kiitwe Fifi.

Kingani ni ushahidi unaoonekana kunipinga, na lazima nikiri uzito wake. Jina hilo lilikuwa la hapa nchini. Ndivyo ulivyoitwa mto Ruvu unapokaribia bahari jirani na Bagamoyo. Kama majina ya wenyeji ndiyo yanayodumu, mbona lilifutwa kwa siku chache? Jibu la kwanza ni kwamba chombo kilichotekwa vitani ni ngawira, na kukipa jina jipya ni sehemu ya kuteka. La pili ni la maana zaidi kwangu: Kingani ni mto wa pwani, na ziwa liko mbali nao karibu kilomita elfu. Kwa wavuvi wa Ujiji au Karema jina hilo lilikuwa geni karibu sawa na Hedwig. Uenyeji wa jina haupimwi kwa mipaka iliyochorwa Berlin.

Graf von Götzen haikuzamishwa na adui. Wabelgiji na Waingereza walipokuwa wakikaribia Kigoma, tarehe 26 Julai 1916, Wajerumani waliizamisha wenyewe, baada ya kuzipaka injini mafuta mazito ili zisile kutu, kwa matumaini ya kurudi. Wabelgiji waliiopoa, ikazama tena. Waingereza wakaitoa mwaka 1924, wakakuta mafuta yale yamefanya kazi yake, wakaamua kuitengeneza. Hapo ndipo lilipokuja suala la jina, na chaguo halikuwa la lazima. Mazoea yangewaelekeza kwenye jina la mfalme, malkia, gavana au mshindi fulani wa vita. Walichagua Liemba. Ni jina ambalo David Livingstone aliliandika mwaka 1867 alipofika ncha ya kusini ya ziwa, akaambiwa na watu wa kule kwamba maji yale ndivyo yanavyoitwa. Mwanzoni hata hakuwa na uhakika kwamba ni ziwa lilelile la Ujiji.

Kwa nini walifanya hivyo? Hapa natoa tafsiri yangu, na msomaji aipime. Tanganyika haikuwa koloni kamili la Mwingereza. Tangu 1922 ilikuwa nchi ya udhamini chini ya Shirikisho la Mataifa, na kila mwaka serikali ilipaswa kupeleka taarifa Geneva. Gavana wa wakati ule, Donald Cameron, aliyefika mwaka 1925, alikuwa akijenga utawala wa kupitia watemi na machifu, akitaka nchi ionekane inatawaliwa kwa taasisi za wenyeji. Kufuta jina la gavana wa Kijerumani na kuweka la gavana wa Kiingereza kungewapa Wajerumani hoja ya bure. Jina la ziwa lilikwepa yote hayo. Tena lilikuwa na faida ya pembeni: kwa Mwingereza msomaji, Liemba ni Livingstone bila kumtaja Livingstone. Kwa hiyo sidai kwamba walilichagua kwa mapenzi kwa watu wa ziwa. Walikuwa na wasikilizaji wao Geneva na London.

Ila katika kuwatafutia maneno wasikilizaji hao, waliangukia jina lenye wasikilizaji wengine palepale. Liemba ilitoka Kigoma kwenda kusini hadi Mpulungu, ikisimama kijiji kwa kijiji, na mahali pengi hapakuwa na gati. Meli ilisimama mbali kidogo, mitumbwi ikaisogelea, abiria, magunia ya dagaa na mananasi vikapandishwa kwa mikono. Mtu aliyekuwa kwenye mtumbwi huo aliita meli kwa jina alilolijua kama jina la maji aliyopigia kasia. Mwaka 1997 meli hiyo ilitumika kuwarudisha wakimbizi wa Kongo kwao baada ya vita, na mwaka 2015 kuwachukua Warundi waliojazana ufukweni Kagunga. Wa Kigoma, wa Zambia, wa Kongo, wa Burundi, hakuna hata mmoja ambaye jina hilo lilimtukana au lilimtaka aunge mkono jambo fulani. Uhuru ulipokuja mwaka 1961, serikali mpya iliyokuwa tayari kubadilisha majina ya barabara na miji haikuona hapo kitu cha kubadilisha.

Pingamizi kubwa kuliko yote liko ziwani humohumo. Mwongozo, meli iliyoanza kazi katika miaka ya 1980, ilipewa jina la tamko la TANU la mwaka 1971, na jina liliendelea kuwepo baada ya siasa ya tamko hilo kuwekwa kando. Mombasa, kivuko cha Likoni kilipata mwaka 1990 vyombo viitwavyo Nyayo na Harambee, kimoja kwa kaulimbiu ya Moi, kingine kwa ya Kenyatta, na kuondoka kwa Moi Ikulu mwaka 2002 hakukuifanya Nyayo iitwe kitu kingine. Basi majina ya watawala nayo yanadumu, na hoja yangu imevunjika? Naona imepinda, haijavunjika. Kuna kudumu kwa kauli na kuna kudumu kwa lebo. Abiria wa Likoni anayekimbilia Nyayo saa kumi na mbili asubuhi haambiwi chochote kuhusu falsafa ya amani, upendo na umoja. Anatafuta chombo kitakachomvusha. Kauli imekufa, lebo imebaki, na lebo hiyo haina tofauti na namba ya karani wa forodha. Dar es Salaam mambo yamekwenda mbele zaidi. Mvushi wa Kigamboni anasema anapanda pantoni, iwe ni Magogoni, Kigamboni au Kazi, na amekwisha kusafiri.

Lipo na jina la Victoria. Huyo alikuwa malkia wa wakoloni, na meli ya Ziwa Victoria yenye jina lake, iliyounganishwa Kisumu na kuanza safari mwaka 1961, haikupoteza jina hilo baada ya uhuru wa nchi tatu. Jibu ni kwamba Speke alikwisha kulipa ziwa jina hilo mwaka 1858, na kufikia 1961 mtu wa Mwanza au Bukoba alipotamka Victoria alikuwa anataja maji. Jina la mtu limepita njia ndefu likawa jina la mahali, nalo likapata wasikilizaji wapya waliosahau wa kwanza. Mwaka 2020, baada ya matengenezo makubwa, meli ilirudi kazini ikiwa na jina refu, New Victoria Hapa Kazi Tu, kaulimbiu ya Rais Magufuli ikiwa imegandishwa nyuma ya jina la zamani. Aliyebuni mchanganyiko huo bila shaka alijua kwamba kaulimbiu peke yake isingeweza kusimama. Ilihitaji jina la maji liibebe.

Kuna pia imani, iliyoenea sana kwa mabaharia wa Ulaya na ambayo imewaingia watu wetu kiasi, kwamba kubadilisha jina la chombo ni kukitafutia balaa. Ushahidi wa maziwa yetu hauikubali. Chombo kilichobadilishwa jina, kikazamishwa na kuopolewa zaidi ya mara moja, ndicho kilichoishi kuliko vingi. MV Bukoba haikuwahi kubadilishwa jina, ikazama karibu na Mwanza tarehe 21 Mei 1996, watu mamia wakaangamia. Kilichoiua ni uzito uliopita kiasi na kasoro za uthabiti, mambo ambayo rangi ya ubavuni haiyaoni.

Hata hivyo siku ya ajali jina huwa na kazi ambayo hakuna anayeifikiria siku ya uzinduzi. Ndilo linalosemwa redioni, ndilo jamaa wanalouliza bandarini, ndilo linaloamua nani aanze kulia na nani apumue. MV Skagit ilijengwa Marekani mwaka 1989, ikaitwa kwa jina la mto na wilaya ya jimbo la Washington, ikauzwa mwaka 2011 na kuletwa kwetu, na waliokuja nayo wakaliacha jina kama lilivyo. Tarehe 18 Julai 2012 ilizama karibu na Chumbe ikitoka Dar es Salaam kwenda Unguja. Hilo nalo lilikuwa jina la mahali, lakini mahali palipokuwa upande wa pili wa dunia. Jioni ile watu wa Malindi walilazimika kujifunza kulitamka kwa sababu tu ndugu zao walikuwa ndani.

Kuwaheshimu watu wakubwa kwa vivuko nako kuna hatari yake. MV Nyerere, kilichoanza kazi mwaka 2004 na kuruhusiwa kubeba abiria 101, kilipinduka tarehe 20 Septemba 2018 katika Ziwa Victoria kikikaribia gati la Bwisya, kisiwani Ukara, kutoka Bugolora, na zaidi ya watu 220 wakafa. Kwa siku kadhaa jina la Mwalimu lilitajwa hewani pamoja na idadi ya maiti, jambo ambalo waliompa heshima hiyo hawakulikusudia. Serikali ilipoleta kivuko kingine katika njia hiyo, kilibeba jina la Ukara. Ni jina la kisiwa chenyewe, wenyeji wanalijua tangu utoto, na watakaolipaka rangi upya baada ya miaka hamsini hawatahitaji kuelezwa ni la nani.